Nina dola 120 na filamu ya katuni ya dakika 9. Nianze na tamasha gani?

Binti wa Kambi (Jinja)

Habari zenu wadau. Nimemaliza filamu yangu ya kwanza ya animesheni, inaitwa *Kamba*. Imenichukua mwaka mmoja na miezi minne, nyingi zikiwa saa za usiku baada ya kazi. Nimekulia kambini, baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichochezea sisi watoto wa makabila yote, kwa hiyo wahusika wangu wanaongea Kiswahili cha kambini mwanzo hadi mwisho.

Sasa nimefika kwenye kutuma matamasha na nimekwama. Nina dola 120, kama shilingi 440,000 hivi, na zikiisha zimeisha. Nimefungua ukurasa FilmFreeway, tovuti ya kutuma filamu kwenye matamasha. Kuna tamasha moja limenivutia: kipengele cha animesheni ni dola 30, mwongozaji wa mara ya kwanza dola 20, filamu ya Kiafrika dola 20, na bango bora dola 15. Nikilipa vyote nabaki na 35. Je, niingie vyote vinne?

Muhtasari wangu ni huu: "Kamba ni filamu inayozungumzia changamoto zinazokabili familia za wanajeshi barani Afrika na umuhimu wa matumaini katika jamii." Bango na linki ya filamu viko chini ya ujumbe huu. Nisaidieni kabla sijabonyeza kulipa.

Kasim_Arua

Hongera sana dada. Mimi ningelipa vyote. Mtu mwenye tiketi nne ana nafasi nne. Na usiende kwenye matamasha ya bure, yale hupokea kila kitu, hata ukishinda hakuna anayekutambua.

Opio K. (Lira)

Dada usitume popote kabla hujaandikisha haki zako URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Watakuibia hadithi. Kuna jirani yangu aliimba wimbo, kesho yake akausikia kwa mtu mwingine.

Mzee wa Fremu (Kampala)

Binti, usilipe kitu leo. Niliwahi kukaa misimu miwili kwenye timu ya kuchagua filamu fupi za tamasha moja la ukanda huu, basi nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda ukiwa upande wa pili wa meza.

Kasim, mawazo ya tiketi nne yana ukweli kidogo pale ambapo kila kipengele kina watazamaji wake. Kwa tamasha dogo, filamu inatazamwa mara moja, na watu walewale wawili au watatu. Ikiwagusa, wao wenyewe wanajua pa kuiweka. Isipowagusa, dola 85 zimenunua "hapana" moja. Kwa kesi hii animesheni inatosha. Hiyo ya bango mara nyingi ni njia ya tamasha kuongeza mapato, na hakuna mwandaaji wa programu anayechagua filamu kwa sababu ya tuzo ya bango.

Kuhusu ya bure umekosea kabisa. Annecy kule Ufaransa, ambalo kwa animesheni ndilo kubwa kuliko yote na limekuwepo tangu 1960, halitozi ada ya kuingiza filamu fupi. Animafest ya Zagreb, iliyoanza 1972, nayo haitozi. Hayo ni matamasha yenye fedha za umma na wadhamini, hayaishi kwa ada za watu kama Binti. Anayetegemea ada zako ni lile tamasha la kila mwezi lisilo na ukumbi, lenye tuzo hamsini, ambalo ukishinda linakuletea bei ya kikombe. Ukitaka kulijua, tafuta picha za watu wamekaa ukumbini mwaka jana. Usipoziona, ondoka.

Opio, kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 kazi inalindwa tangu ilipowekwa kwenye umbo la kuonekana. Kuandikisha URSB kunamsaidia siku ya kuthibitisha, na si vibaya kufanya hivyo, lakini si sharti la kutuma. Swali lake ni ada na vipengele.

Sasa Binti, jibu mambo mawili. Filamu hii uliifanya kama kazi ya kuhitimu chuo? Na je, imeshawahi kuwekwa wazi mtandaoni?

Binti wa Kambi

Asante mzee. Sikusomea chuo, nilijifunza mwenyewe. Na haijawekwa popote, ila kipande cha sekunde 20 kwenye TikTok.

Mzee wa Fremu

Vizuri. Nimeuliza kwa sababu Annecy ina sehemu ya peke yake ya filamu za kuhitimu, na mtu akiingia mlango usio wake anapoteza muda. Wewe ingia filamu fupi tu. Baadaye wenyewe wanaamua iende kwenye mashindano rasmi au kwenye programu nyingine za filamu fupi. Kipande cha TikTok hakina neno, hiyo ni sawa na trela.

Nimeitazama filamu yako mara mbili. Kwanza nikupe pole na hongera kwa pamoja: ile gwanda inaposhuka kwenye kamba ya nguo na kushika usukani wa baiskeli, nilisimama. Ndiyo maana nitakuwa mkali kwa yaliyobaki.

Faili lako ni dakika 9 na sekunde 10. Nimelipima: nembo tatu mwanzoni, sekunde 25. Hadithi yenyewe, dakika 6 na sekunde 50. Majina mwishoni, dakika 1 na sekunde 55. Mwandaaji wa programu anapanga kipindi cha saa moja na robo, au na nusu, na kila dakika anaitafutia nafasi. Wewe unamwomba nafasi ya dakika tisa kwa hadithi ya dakika saba. Bakiza nembo moja, sekunde 5, kisha ingia. Majina yafanye kurasa nne za kusimama, sekunde 10 kila moja. Utapata dakika 7 na sekunde 35 bila kugusa fremu moja ya hadithi. Na muda huo wote, pamoja na majina, ndio unaoujaza kwenye fomu.

Akiki (Fort Portal)

Naomba niseme yangu kwa sababu yaliniuma. Filamu yangu ya vikaragosi ilichaguliwa na tamasha moja nje, tukafurahi hadi usiku. Wiki mbili baadaye wakaomba barua ya ruhusa ya muziki. Nilikuwa nimeweka wimbo wa zamani niliourekodi kutoka redioni, nikidhani kwa kuwa sikupata pesa hakuna shida. Mwenye haki sikumpata kwa wakati, nikaiondoa filamu mwenyewe. Dada, ule wimbo wa mama anayefua dakika ya kwanza ni wa nani?

Binti wa Kambi

Pole sana Akiki. Ule ni mama yangu mzazi anaimba, wimbo wa kunibembeleza, niliurekodi kwa simu nyumbani. Ngoma ni za rafiki yangu.

Mzee wa Fremu

Wa mama ni salama ikiwa ni wimbo wa mapokeo au alioutunga yeye. Kwa ngoma, mwandikie rafiki karatasi moja leo, wakati bado mnapendana: jina la kipande, jina la filamu, kwamba anaruhusu kitumike ndani ya filamu kwenye matamasha na popote filamu itakapoonyeshwa, sahihi na tarehe. Piga picha, weka kwenye folda moja na filamu.

Sasa muhtasari. Umeniambia filamu "inazungumzia changamoto" na "umuhimu wa matumaini". Nikiufunika mstari huo kwa jina la filamu nyingine yoyote, unafaa. Lakini nilichokiona mimi ni mtoto anayefundishwa baiskeli na nguo tupu. Kwa nini jambo hilo halimo?

Binti wa Kambi

Nilidhani lazima useme maana yake, wasije wakaona ni mchezo wa watoto. Nimejaribu tena:

"Kila Jumamosi, katika kambi ya jeshi mjini Jinja, mama yake Nakato hufua gwanda la baba ambaye hajarudi. Usiku mmoja gwanda linashuka kwenye kamba na kumfundisha Nakato, miaka tisa, kuendesha baiskeli. Ili aweze kwenda peke yake, inabidi mmoja wao aachilie."

Akiki (Fort Portal)

Nimesisimka. Swali dogo: Nakato ni pacha. Pacha wake yuko wapi? Sisi wa huku tutalitazama gwanda huku tunamtafuta Babirye au Wasswa.

Binti wa Kambi

Lo! Nililipenda jina tu, ni la rafiki yangu wa darasa la tatu. Mdomo wake kwenye filamu haulitaji hata mara moja, liko kwenye maandishi tu. Namgeuza awe Zaina, kambini kwetu akina Zaina walikuwa wengi.

Mzee wa Fremu

Huo sasa ndio muhtasari. Mtu, mahali, jambo lisilo la kawaida, na kinachomsukuma, na nimekwishaiona filamu kabla sijabonyeza. Ningepunguza mstari wa mwisho, lakini wengine hawatakubaliana nami.

Kasim_Arua

Mimi sikubaliani. Huo mstari ndio unaomfanya mtu atake kuona mwisho.

Mzee wa Fremu

Kwa kitabu cha tamasha, sawa, uache. Kwa fomu zinazotaka muhtasari mrefu, andika na mwisho wake, kwa sababu anayeusoma ni mchaguzi, naye anataka kujua kama hadithi inafika. Tengeneza matoleo matatu sasa hivi: sentensi moja, maneno 50, maneno 150. Mpe mtu anayeandika Kiingereza vizuri ayaandike upya kwa Kiingereza. Asifuate neno kwa neno, maana "gwanda" likigeuka "nguo" tu, baba wa Zaina ameshapotea.

Bango. Fungua ukurasa wako kwa simu uushike kwa mkono ulionyooka. Unaona nini?

Binti wa Kambi

Naona kijani. Gwanda la kijani kwenye nyasi za kijani. Jina silisomi, nililichora kwa herufi nyembamba zinazoning'inia kwenye kamba kama nguo.

Mzee wa Fremu

Wazo la herufi kwenye kamba ni zuri, unene ndio tatizo. Mchaguzi analiona bango lako likiwa dogo kama stempu, kwenye safu ya mabango mengine. Liwe na umbo moja na rangi mbili zinazogombana. Una fremu ya jioni, dakika ya 4, anga la chungwa na gwanda jeusi likiwa na mikono wazi. Hiyo tayari ni bango. Lichore upya kwa ukubwa wa kuchapa, usikuze picha iliyokatwa kwenye filamu, kwa sababu fremu ya 1920 kwa 1080 haifiki hata nusu ya A3. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni 3508 kwa 4961. Na usiweke majani ya tuzo wala "imeteuliwa" mpaka uteuliwe kweli.

Nimeacha la mwisho kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi: linki yenyewe. Kwanza, niliposema nimeitazama, ilibidi niombe ruhusa kwa sababu umeifungia kwa akaunti. Mchaguzi hataomba, atapita. Weka kwenye Vimeo kwa nenosiri, au pakia moja kwa moja FilmFreeway, kisha ifungue kwa simu ya mtu mwingine ambayo hujawahi kuingia nayo. Pili, dakika ya 3 kamera inapofuata baiskeli, picha inaruka kidogo kila sekunde, kama gurudumu lina jiwe. Ulichora kwa fremu ngapi?

Binti wa Kambi

Nilichora michoro 12 kwa sekunde, kila mchoro fremu mbili, yaani 24. Ile kuruka nilidhani ni kompyuta yangu kuchoka!

Mzee wa Fremu

Si kompyuta. Fungua faili, nenda fremu kwa fremu kwa kitufe cha mshale, uhesabu. Kila mchoro unapaswa kukaa fremu mbili. Ukikuta kila sekunde kuna mchoro mmoja uliokaa tatu, taimlaini yako ya kuhariri ilikuwa 25, na programu imejaza fremu moja ya ziada kila sekunde. Kwenye mazungumzo huoni, kwenye kamera inayokimbia unaona.

Binti wa Kambi

Nimehesabu. Mbili, mbili, mbili, mbili... tatu. Kila sekunde. Jamani, miezi minne sikuiona.

Mzee wa Fremu

Usipeleke faili hilo kwenye programu ya kubadilisha 25 kuwa 24, litakula au kuchanganya fremu nyingine. Rudi kwenye picha zako za asili, tengeneza taimlaini mpya ya 24, weka upya, angalia sauti inalingana na midomo mpaka mwisho, kisha toa faili kuu la ProRes. Hilo ndilo la kuhifadhi, tamasha likikuchagua litakuomba hilo au DCP, yaani faili la kuonyeshea kwenye kumbi za sinema. La kutazamia unalitoa humo, likiwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochomwa kwenye picha, kwa sababu faili la maandishi la pembeni hupotea njiani:

```
ffmpeg -i kamba.mov -vf subtitles=kiingereza.srt \
 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -b:a 256k -movflags +faststart kamba_tazama.mp4
```

Hiyo `yuv420p` usiisahau. Bila hiyo faili linalotoka ProRes linaweza kucheza kwako na kuonyesha weusi mtupu kwenye kompyuta ya mwenzako.

Kasim_Arua

Mzee hapo nimejifunza. Ila akishaweka linki Vimeo, akikuta kosa lingine afanye nini, alipe tena?

Mzee wa Fremu

Hapana, Vimeo inakuruhusu kubadilisha faili na linki ikabaki ileile. YouTube hairuhusu, unapakia upya na linki inakuwa nyingine. Ndiyo sababu nimesema Vimeo.

Binti wa Kambi

Narudi baada ya wiki mbili na nusu. Niliyofanya: nimehariri upya kwa 24, baiskeli inateleza kama maji. Dakika 7 na sekunde 35. Bango jipya, dada yangu amelisoma akiwa upande wa pili wa chumba. Rafiki wa ngoma ametia sahihi.

Nimetuma Annecy na Zagreb, bure zote. Nimetuma ZIFF ya Zanzibar kwa sababu moyo wangu unataka *Kamba* ionekane Ngome Kongwe mbele ya watu wasiohitaji maandishi ya chini. Nitaingiza pia Uganda Film Festival dirisha likifunguliwa. Lile la vipengele vinne nimelipa animesheni peke yake, dola 30, kabla bei ya mapema haijapanda. Kwa tamasha jingine niliandika barua pepe ya sentensi tatu kuomba msamaha wa ada: mimi ni nani, filamu ni nini pamoja na linki, na kwamba nimeitengeneza bila ufadhili. Siku nne baadaye wakanitumia msimbo, ada ikawa sifuri.

Akiki (Fort Portal)

Barua hiyo uliwaandikia lini? Mimi niliomba nikakataliwa.

Binti wa Kambi

Mwanzo kabisa wa dirisha lao. Wewe?

Akiki (Fort Portal)

Siku mbili kabla ya kufunga. Basi nimeelewa.

Kasim_Arua

Dada, angalia Vimeo. Ikiwa namba ya watazamaji ni sifuri mpaka siku ya majibu, ujue hawakuitazama, uwadai hela yako.

Mzee wa Fremu

Kasim, ikiwa alipakia FilmFreeway, Vimeo haitahesabu kitu. Na ada hairudishwi hata hivyo. Lakini sitasema hofu yako haina msingi. Kuna msimu nilioshuhudia filamu zinaamuliwa kwa dakika ya kwanza, na sikufurahi nayo.

Opio K. (Lira)

Mimi bado nasema URSB. Na hiyo gwanda, jeshi halitauliza?

Binti wa Kambi

Opio nitaandikisha mwezi ujao, umenishawishi. Gwanda nimelichora bila bendera, bila cheo, bila beji yoyote, mabaka ni yangu mwenyewe. Baba ameitazama Jumapili. Alinyamaza, kisha akauliza kwa nini kamba nimeifunga kwenye mwembe wakati ya kwetu ilifungwa kwenye nguzo ya umeme.

Akiki (Fort Portal)

Utaibadilisha?

Binti wa Kambi

Mwembe uko kwenye fremu 2,300. Namuuliza mzee: nikibadilisha faili Vimeo wakati wachaguzi wameshaanza kutazama, si wengine wataona mwembe na wengine nguzo?

Mzee wa Fremu

Wataona hivyo hasa. Subiri majibu ya haya uliyotuma.